Hadidu za rejea za tathmini ya mafunzo ya ufundi: anza na orodha ya wahitimu

Hadidu nyingi za kumtafuta mtaalamu mwelekezi wa kutathmini mafunzo ya ufundi stadi kwa vijana huchotwa kwenye faili la mradi uliopita. Vigezo sita vya OECD vinawekwa, kila kigezo kinapewa maswali matano, halafu mwishoni panaandikwa siku 20 za kazi. Maswali 30, siku 20, wilaya tatu. Mtaalamu anayejua kazi yake akipiga hesabu anaona haiwezekani. Ama haombi, ama anaomba huku akijua kwamba atakaa na makundi mawili matatu ya majadiliano pale chuoni na kuandika ripoti ya maneno matamu.

Swali lenye thamani kwenye tathmini ya namna hii ni moja: kijana aliyesomea ufundi anaishi kwa ufundi huo? Hilo haliwezi kujibiwa na mkuu wa chuo wala ofisa wa mradi. Anayelijibu ni mhitimu mwenyewe, na mhitimu hakai chuoni. Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa hadidu, toa orodha ya wahitimu uikague. Je, ina jina kamili, jinsia, umri, fani, mwaka wa kumaliza, kijiji au mtaa, na namba mbili za simu? Piga namba 30 ulizozichagua kwa bahati nasibu. Huku Kigoma tarajia kukuta kwamba namba nyingi zilizoandikwa siku ya kujiandikisha ni za baba, kaka au mume, na nyingine hazipatikani tena. Matokeo ya jaribio hilo yaandike wazi ndani ya hadidu: kati ya namba 30, wahitimu wangapi walipokea wenyewe, jamaa walipokea ngapi, zipi hazikupatikana. Hapo mwombaji ataweka bei ya kazi halisi, si ya kukisia.

Tuchukue mradi wa kubuni. Umefundisha vijana 600 kwa miaka mitatu katika Kigoma Ujiji, Kasulu na Kibondo, 200 kila fani: ushonaji, uashi na uchomeleaji. Ukitaka kosa la sampuli lisizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, kanuni nyepesi inayotumika sana inakupa 600 ÷ (1 + 600 × 0.05²), yaani wahitimu 240. Hiyo ni kwa mradi mzima. Ukigawa 80 kwa kila fani, kosa la fani moja linapanda hadi kati ya asilimia 8 na 9. Basi hadidu zisidai matokeo sahihi kwa kila fani, kila wilaya na kila jinsia kwa wakati mmoja, maana sampuli hiyo haiwezi kubeba mgawanyo huo.

Sasa siku. Mdodosaji anayemfuata mhitimu nyumbani au kazini kwake akipata mahojiano matano kwa siku amefanya vizuri. Wadodosaji wanne wanatoa 20 kwa siku, kwa hiyo 240 ni siku 12, na mbili za kusafiri. Ongeza siku 3 za kusoma nyaraka, 3 za ripoti ya awali, 2 za kuwafundisha wadodosaji na kulijaribu dodoso, 5 za uchambuzi, 5 za rasimu, moja ya kikao cha kuwasilisha na 3 za marekebisho. Jumla ni 36. Kama bajeti yako ni ya siku 20, punguza wilaya au punguza maswali, na uamuzi huo uufanye wewe kwenye hadidu. Ukimwachia mtaalamu, atapunguza mahali usipopaona.

Panapoharibika zaidi ni kwenye wale wasiopatikana. Mtaalamu akikosa mtu, njia rahisi ni kuchukua jina linalofuata kwenye orodha. Lakini aliyekosekana si sawa na aliyepatikana. Huenda amehamia Mwanza kutafuta kazi, au ameolewa kijiji kingine na mashine ya kushonea imebaki kwao. Walio karibu na chuo, wenye karakana yenye kibao barabarani, ndio hupatikana kwanza, na asilimia ya walioajiriwa inapanda bila sababu ya kweli. Kifungu ninachokipendekeza ni hiki: "Mhitimu aliyechaguliwa hatabadilishwa mpaka atafutwe kwa simu mara tatu, siku na saa tofauti, na kupitia mtu mmoja anayemfahamu kijijini kwake. Mtaalamu ataripoti idadi ya wasiopatikana kwa fani na jinsia, pamoja na sababu inapojulikana."

Ratiba nayo ina hila zake. Kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, vijana wengi huchanganya ufundi na uvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Ukienda wakati huo, kijana yuko ziwani usiku na mchana amelala. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi husimama, naye anapatikana. Kwa vijiji hivyo hadidu zitaje siku za mbalamwezi, zisiseme tu "mwezi wa saba".

Msimu pia unagusa kipato. Mwashi ana kazi kiangazi, matofali yanapokauka, na mvua zikianza anashika jembe. Ukimuuliza Julai alipata kiasi gani mwezi uliopita, mradi utang'aa. Ukimuuliza Februari, utaonekana umeshindwa. Dai kwamba dodoso liulize mwezi mzuri na mwezi mbaya ndani ya miezi 12 iliyopita.

Halafu fafanua "ajira", usiliache neno hilo peke yake. Kipimo cha kimataifa humhesabu kuwa ana kazi mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida hata saa moja ndani ya siku saba. Kwa kipimo hicho, huku karibu kila kijana ana kazi, na ripoti haitakusaidia kuamua chochote. Mimi huandika vipimo vitatu: siku alizofanya kazi ya fani yake ndani ya siku 30, kilichobaki baada ya kutoa gharama za vifaa, na kama zana anazotumia ni zake, za kukodi au za bosi. Hicho cha tatu ndicho kinachoeleza mengi. Mchomeleaji asiye na mashine anabaki kibarua wa mwenye mashine, hata awe na cheti safi cha VETA.

Kipato cha kabla ya mafunzo mara nyingi hakikupimwa. Kama ipo orodha ya vijana walioomba wakakosa nafasi, itaje na uagize baadhi yao wahojiwe kwa dodoso lile lile. Si ulinganisho kamili, kwa sababu waliochaguliwa huenda walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, lakini ni bora kuliko kumtaka mtu akumbuke alichopata miaka minne nyuma.

Yaliyobaki ni mafupi. Sema nani ataomba barua za kibali kuanzia mkoa hadi kijiji, na kwamba ofisa wa mradi hatakaa kwenye mahojiano. Malipo yagawe: asilimia 30 ripoti ya awali ikikubaliwa, 40 rasimu ikipokelewa, na 30 ripoti ya mwisho ikifika pamoja na data ghafi iliyoondolewa majina na namba za simu. Andika pia kwamba malipo ya mwisho hayatazuiwa kwa sababu matokeo hayakumpendeza mwenye mradi.