Kete mbili mkononi au pointi mbili safi? Kutoa kete wakati mpinzani bado amekaa pointi ya 1

Watu wengi hapa Uganda wanaingia bakgamoni wakitoka kwenye ludo, na ludo imewapa tabia moja mbaya sana: kete ikiweza kufika mwisho, fikisha, usiulize. Kwenye bakgamoni hiyo inakubalika kama mmeshapishana na hakuna mtu wa kupigwa. Lakini kama jamaa bado ana kete mbili kwenye pointi yako ya 1, ile nafasi ya mwisho kabisa nyumbani kwako, zimekaa tu zinakungoja, hapo kutoa kete ni jambo la pili, la kwanza ni kujiuliza nikirusha tena itakuwaje.

Tuchukue hali moja tu tuimalize. Umeshatoa kete 5, umebaki na 10 nyumbani: mbili kwenye pointi ya 6, mbili kwenye ya 5, mbili ya 4, mbili ya 3, mbili ya 2. Yeye ameshika ya 1 na kete mbili, zile zake 13 zingine zote ziko kwake nyumbani. Umerusha dabo 2, yaani una hatua nne za mbili-mbili.

Mbili za kwanza hazina ubishi, 6 inakwenda 4, 6 inakwenda 4. Pointi ya nyuma kabisa ndo inavunjwa kwanza, na hasa hii ya 6 sababu ina ugonjwa wake: ukipata 5 huwezi kuitumia kutoka 6, ingetua kwenye 1 na pale mwenye nyumba ni yeye. Ndo maana kabla ya kurusha hii dabo, 6-5 ilikuwa inakutisha, ingekulazimisha kutoa moja ya 6 na moja ya 5 na kuacha mbili zimesimama uchi, kila moja peke yake na inaweza kupigwa.

Ubishi uko kwenye mbili zilizobaki. Mtu wa ludo atatoa zile mbili za pointi ya 2, anabaki na kete 8, na hakuna iliyo peke yake, inaonekana poa kabisa. Mwingine atashusha zile mbili za 5 kwenda 3, hatoi hata moja, na walio pembeni wataanza "aa sebo, si ungetoa mbili!"

Sasa tuhesabu, maana hapa maneno hayasaidii.

Ukitoa mbili, unabaki na mbili kwenye 5, nne kwenye 4, mbili kwenye 3, na pointi ya 2 imebaki tupu. Zamu yako ijayo ukirusha 6-4 au 5-4, ile kubwa inatoa kete moja ya 5, na ile 4 haiwezi kumshusha mwenzake (5 kwenda 1 imezibwa) kwa hiyo inatoa ya 4, na kete ya 5 inabaki yatima. 6-3 na 5-3 zinafanana, unaweza kuokoa ya 5 kwa kuishusha mpaka 2 lakini kule nako inabaki peke yake. Ongeza 4-3, 4-2 na 3-2, jaribu unavyotaka kwa mkono wako, hakuna namna ya kuzicheza bila kuacha moja. Kila moja ya hizo inakuja kwa njia mbili kati ya 36, jumla ni 14. Na kete ikiwa peke yake yeye ana njia kama 11 mpaka 13 za kuipiga, inategemea iko wapi: ikiwa kwenye 2 anahitaji 1 yoyote, hizo ni 11, ikiwa kwenye 5 anahitaji 4 yoyote halafu na 3-1 inamsaidia kwa kupitia ile pointi ya 2 uliyoiacha wazi, zinakuwa 13. Ukizidisha zote unapata kupigwa mara 1 kati ya 8 hivi, na hiyo ni zamu moja tu.

Ukishusha za 5, unabaki na nne kwenye 4, nne kwenye 3, mbili kwenye 2. Pitia mirusho yote 36 na uache kuniamini mimi: hakuna hata mmoja unaokulazimisha kuacha kete peke yake. 6, 5 na 4 zote zinatoa kutoka 4, na ndogo ikija kuna kete ya ziada ya kuisogeza. Ni sifuri kwa 14. Zamu za mbele hatari inaweza kurudi, sikatai, lakini pointi zikiwa chache na zimekaa mbele hivo inakuwa ndogo.

Kuna na njia ya katikati ambayo watu wanaipenda, kushusha mbili za 4 kwenda 2 na kubakiza 5. Hiyo ina mirusho 6 mibaya (6-4, 5-4, 4-3) na haijatoa kete yoyote, kwa hiyo sioni inanunua nini.

Basi kwa nini mtu yeyote atoe mbili? Gamoni. Yaani unamaliza kabla mpinzani hajatoa hata kete moja, na ushindi unahesabiwa mara mbili. Ili aikwepe lazima azilete zile kete mbili nyumbani kwake, kila moja hatua 18, jumla 36, halafu atoe walau moja. Dadu kwa wastani zinatoa hatua 8 na kidogo, kwa hiyo mirusho minne haimtoshi kwa kawaida, mitano ndo inaanza kumtosha. Na wewe ukiwa na kete 8 unahitaji zamu nne kama hakuna dabo, ukiwa na 10 unahitaji tano. Umeona ilivyobana, zile kete mbili ni zamu nzima, na zamu hiyo ndo hasa anayoikosa. Halafu hawezi kukaa akingoja kukupiga na wakati huohuo akimbie, akikaa gamoni inamkaribia, akikimbia hatari yako inaondoka.

Bei yake ni hii: mchezo uliokuwa unashinda ukiupoteza umetoka jumlisha 1 ukaenda toa 1, umepoteza mbili. Gamoni inakuongezea moja tu. Kwa hiyo kwa kila mchezo mmoja unaoupoteza kwa kutoa mbili, lazima upate gamoni zaidi ya mbili za ziada.

Hapo ndo inabidi uinue macho uangalie nyumba yake. Akiwa na pointi tano zimefungwa, ukipigwa lazima uingie tena kupitia hapo, umekwama, na kete 7 ulizotoa hazitoshi kukuokoa (ukifungiwa kete moja kabisa, mchezo unakuwa nusu kwa nusu ukiwa umeshatoa kama 10). Hapo mimi nashusha za 5 bila kufikiria. Lakini nyumba yake ikiwa imeshabomoka, kete zimerundikana kwenye 1 na 2 zake, basi ukipigwa unaingia tena kirahisi na mara nyingi bado unashinda, kupigwa kunakuwa na bei ndogo, na mimi natoa mbili nikimbilie gamoni. Kama ni mechi na wewe umebakiza alama moja tu kushinda, gamoni haina thamani, shusha tu hata kama nyumba yake ni magofu.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wale ambao nyumba ya mpinzani wao iko katikati, si nzima si mbovu. Ulipovunja pointi ya 6 umemfungulia 5 zake, kabla ya hapo akirusha 5 kutoka pale kwenye 1 alikuwa amezibwa na ilibidi abomoe kwake. Sasa ana pa kuzichezea, nyumba yake itadumu zaidi ya ulivyotarajia. Kwa hiyo usihesabu kwamba itaanguka zamu ijayo, hesabu iliyopo mbele yako leo.