Soma waya, usisome karatoni

Malalamiko ya ralonji zinazoyeyuka yamezidi hapa Lubumbashi, na wengi wanaokuja nayo ofisini hujitetea kwa neno moja: "Lakini iliandikwa CE."

CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba anafuata kanuni za Ulaya. Kwa vifaa hivi hakuna maabara inayolazimika kupima kwanza. Tena fishi ya nyumbani inayouzwa peke yake haimo katika kanuni ya Ulaya 2014/35/EU, kwa hiyo CE iliyo juu yake haisemi lolote kuhusu usalama wa umeme. Na ile habari ya kwamba herufi zikikaribiana maana yake ni bidhaa ya China ya kuuzwa nje, tuiache: alama hiyo haipo.

Jina zuri la karatoni nalo huigwa kirahisi. Tazama ganda la waya wenyewe. Waya wa Ulaya huandikwa hivi:

```
JINA LA KIWANDA <VDE> <HAR> H05VV-F 3G1,5
```

HAR pamoja na VDE (maabara ya Ujerumani) maana yake kuna mtu wa nje aliyepima. 05 ni volti 300/500, F ni waya laini, 3G ni nyuzi tatu pamoja na ya ardhi, kijani na njano. Ukikuta X, ya ardhi haimo. 1,5 ni milimita mraba. Maandishi hurudiwa, na nafasi katikati haizidi sentimita 55. Waya wa Afrika Kusini hautakuwa na HAR. Huo tafuta namba ya SANS.

Ila wino nao huigwa. Basi kabla ya kununua rolo, nunua mita 1 tu. Menya uzi mmoja, upime shaba yake kwenye mzani wa sonara. Ya 1,5 inatoa gramu 12 hadi 13. Ukipata 6 au 7, shaba ni ya kweli lakini ni nusu ya iliyoandikwa. Ukipata 5, kwaruza kwa wembe: weupe ukitokea, ni alumini iliyopakwa shaba. Katika mji huu wa shaba, kudanganywa hivyo ni aibu kidogo.

Uzi huo wa alumini unazuia umeme mara moja na nusu zaidi ya shaba. Reshoo ya wati 2000 kwa volti 220 huvuta ampea 9, nao unapata moto. Alumini hulegea chini ya skrubu, mguso unaharibika, ndiyo maana fishi huungua kabla ya waya.

Ukija kulalamika, leta fakitire yenye jina la duka, karatoni, na kipande kirefu cha mita 1 chenye maandishi mazima. Usikate fishi wala usiifungue: ikifunguliwa, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu, na hatutakuwa na la kumjibu. Na waya uliokwisha kuungua wote, maandishi yamepotea, hatuwezi kuusoma.