Asilimia 25 haimaanishi miaka minne: dhana potofu kuhusu uchakavu

"Kiwango ni asilimia 25, kwa hiyo gari litaisha thamani baada ya miaka minne." Hakuna dhana inayonichosha kama hii. Ni kweli kwa njia ya mstari mnyoofu tu. Kwenye njia ya salio linalopungua, asilimia hiyo hukatwa kwenye thamani iliyobaki mwanzoni mwa mwaka, na thamani haifiki sifuri hata siku moja.

Chukua gari la shilingi 40,000,000 lililoanza kazi siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu. Kwa mstari mnyoofu, bila thamani ya mabaki, yaani kiasi unachotarajia kupata ukiiuza mali mwishoni, unakata 10,000,000 kila mwaka. Kwa salio linalopungua unakata 10,000,000, kisha 7,500,000, kisha 5,625,000, kisha 4,218,750, na vitabuni bado zimebaki 12,656,250. Mwaka wa kwanza njia zote mbili zinatoa jibu moja, ndiyo maana kosa hujificha.

Fungua daftari lako la mali kwenye lahajedwali, nenda kwenye seli ya uchakavu wa mwaka wa pili uisome. Ikiwa C ni bei ya kununulia, D ni kiwango na E ni uchakavu uliolimbikizwa hadi mwaka jana, mara nyingi utakuta safu inaitwa "salio linalopungua" huku ndani mna hii:

```
=C2*D2
```

Inayotakiwa ni hii:

```
=(C2-E2)*D2
```

Kwa gari letu, kosa hilo linazidisha gharama ya mwaka wa pili kwa 2,500,000, na faida inashuka kwa kiasi hichohicho.

Kwa daftari refu, gawanya uchakavu wa mwaka huu kwa wa mwaka jana, mali moja baada ya nyingine. Mstari mnyoofu utoe 1. Salio linalopungua la asilimia 25 litoe 0.75. Mali iliyoanza kutumika katikati ya mwaka ipime kuanzia mwaka wa tatu, kwa sababu mwaka wake wa kwanza ulikatwa kwa miezi michache tu. Jibu likienda kando, tafuta sababu: makadirio ya muda yamebadilishwa, au fomula imeharibika.

"Thamani ya mabaki huondolewa kwanza, njia yoyote ile." Hapana. Huondolewa kwenye mstari mnyoofu. Kwenye salio linalopungua, tayari imo ndani ya kiwango chenyewe. Ukiitoa tena umeihesabu mara mbili.

"Jumla inalingana na leja kuu, basi daftari liko sawa." Leja ilipokea namba kutoka daftari hilohilo! Kulingana kunaonyesha tu kwamba namba ilihamishwa salama. Kokotoa upya.

"Tumetumia viwango vya TRA." Viwango hivyo vya mamlaka ya mapato ya Tanzania ni vya kukokotoa kodi. Kompyuta, kwa mfano, ziko daraja la kwanza, asilimia 37.5 kwa salio linalopungua. Kiwango cha vitabu hutokana na muda ambao ofisi yako itaitumia mali hiyo, kwa hiyo tengeneza jedwali mbili.