Kitenzi kinaporudi nyumbani: kishazi tegemezi cha Kijerumani

Wiki iliyopita nilisahihisha insha 14 za darasa langu la B1 hapa Mombasa. Karibu wote ni wauguzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Kosa moja lilinikuta kwenye karatasi baada ya karatasi:

*Ich bin müde, weil ich habe gearbeitet.*

Maneno yote ni sahihi, na Mjerumani ataelewa. Ila *habe* haiko mahali pake. Ilitakiwa iwe *weil ich gearbeitet habe*. Kosa hili lina mantiki kabisa kwa anayefikiri kwa Kiswahili. Sisi tunasema "nimechoka" na "kwa sababu nimechoka", na hicho kiunganishi hakigusi chochote kinachokifuata. Kwa Kijerumani, *weil*, *dass*, *ob*, *wenn*, *obwohl* na wenzao wanabadilisha mpangilio wa kishazi chote.

Vitabu vingi vinasema: katika kishazi tegemezi, kitenzi hupelekwa mwisho. Ni kweli, lakini mwanafunzi anabaki akijiuliza ni kitenzi kipi, maana mara nyingi viko viwili au vitatu. Mimi naanza upande wa pili. Tazama jinsi Wajerumani wanavyotaja shughuli za kila siku: *Kaffee trinken*, *Zähne putzen*, *um sechs Uhr aufstehen*. Sisi tunasema "kunywa kahawa" na "kupiga mswaki", kitenzi kinatangulia. Wao wanataja kahawa kwanza, kunywa baadaye. Nyumbani kwa kitenzi cha Kijerumani ni mwisho.

Katika sentensi ya kawaida ya maelezo, kitenzi hutoka nyumbani kikaenda nafasi ya pili: *Ich trinke Kaffee.* Kitenzi chenye kiambishi kinachotengana, kama *aufstehen*, kinaonyesha safari hiyo waziwazi: *Ich stehe um sechs Uhr auf.* Kilichoondoka ni *stehe* peke yake, *auf* imebaki nyumbani. Ukiweka *weil*, msafiri anarudi na wawili wanakutana tena: *weil ich um sechs Uhr aufstehe*, neno moja.

Anayesafiri siku zote ni yule anayebeba nafsi. Ukitaka kumjua, badilisha *ich* iwe *du*, uone neno lipi limegeuka. *Ich habe gearbeitet* inakuwa *du hast gearbeitet*. Limegeuka *habe*, basi *habe* ndilo linalofunga mlango. *Gearbeitet* halisogei hata kidogo.

Sasa chukua karatasi, funika jibu lililo chini ya kila swali, uandike lako kwanza.

*Ich weiß. Er wohnt in Tanga.* (dass)
Jibu: *Ich weiß, dass er in Tanga wohnt.*

Kitenzi ni kimoja tu, hakuna pa kupotea. Usisahau mkato kabla ya *dass*. Ni lazima kwa Kijerumani, nao utakusaidia sana huko mbele.

*Sie wartet. Der Bus kommt an.* (bis)
Jibu: *Sie wartet, bis der Bus ankommt.*

Ukiandika *bis der Bus an kommt*, maneno mawili, msahihishaji atakukata alama.

*Ich lerne Deutsch. Ich will in Leipzig arbeiten.* (weil)
Jibu: *Ich lerne Deutsch, weil ich in Leipzig arbeiten will.*

*Will* ndiyo yenye nafsi, kwa hiyo inakaa nyuma ya *arbeiten*. Masikio yetu yamezoea "nataka kufanya kazi", na ndiyo maana wengi huandika *weil ich will arbeiten*. Isome kwa sauti mara tatu au nne mpaka *arbeiten will* ikae mdomoni.

*Ich weiß nicht. Kann ich heute meine Mutter anrufen?* (ob)
Jibu: *Ich weiß nicht, ob ich heute meine Mutter anrufen kann.*

Sasa geuza, kishazi tegemezi kitangulie:

*Der Arzt kommt. Ich frage ihn.* (wenn)
Jibu: *Wenn der Arzt kommt, frage ich ihn.*

Hapa vitenzi viwili vinagusana kwenye mkato: *kommt, frage*. Kishazi chote cha *wenn* kimehesabiwa kuwa nafasi ya kwanza, kwa hiyo *frage* inashika ya pili kama kawaida. Anayeandika *Wenn der Arzt kommt, ich frage ihn* amesahau hesabu hiyo.

Nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo wauguzi wangu hukwama zaidi wanaposikiliza, kuliko hata wanapoandika. Fikiria makabidhiano ya zamu asubuhi. Mwenzako anasema: *Ich habe gehört, dass die Patientin heute Morgen ihre Tabletten...* Mpaka hapo unajua mgonjwa, wakati na vidonge, lakini hujui kilichotokea. Inaweza kufuata *genommen hat*, amevimeza. Inaweza kufuata *abgelehnt hat*, amevikataa. Kwa Kiswahili ungejua mapema: "mgonjwa amevikataa". Kwa Kijerumani usianze kutafsiri kichwani baada ya *Tabletten*. Shikilia ulichosikia na usubiri neno la mwisho.

Turudi kwenye karatasi. Sasa kishazi ndani ya kishazi:

*Ich glaube: Die Frau kommt morgen. Sie hat gestern angerufen.* (dass, die)
Jibu: *Ich glaube, dass die Frau, die gestern angerufen hat, morgen kommt.*

Sisi tunasema "mwanamke aliyepiga simu jana". Kirejeshi *ye* kimejificha ndani ya kitenzi chenyewe na mambo yamekwisha. Mjerumani analeta *die*, anafungua chumba kipya, na kila chumba kina kitenzi chake mlangoni. Hesabu: *die* inafungwa na *hat*, *dass* inafungwa na *kommt*. Ukifika kwenye nukta na kuna kiunganishi ambacho hakijafungwa, umeacha kitenzi njiani.

*Die Ärztin fragt: Darf der Patient heute aufstehen? Er ist gestern operiert worden.* (ob, der)
Jibu: *Die Ärztin fragt, ob der Patient, der gestern operiert worden ist, heute aufstehen darf.*

Vitenzi vitatu vimefuatana: *operiert worden ist*. Usiogope urefu wake. Geuza *er* iwe *ich*: *ich bin operiert worden*. Limegeuka *ist* peke yake, basi ndilo la mwisho.

La mwisho linavunja kanuni niliyotoka kukupa, na afadhali ulikute hapa kuliko kwenye mtihani.

*Er sagt: Ich habe gestern nicht kommen können.* (dass)
Jibu: *Er sagt, dass er gestern nicht hat kommen können.*

Kwa kipimo chetu ungetarajia *kommen können hat*. Lakini vitenzi viwili vya umbo la kamusi vikiandamana mwishoni hivi, *hat* hukaa mbele yao. Hutokea *können*, *müssen*, *wollen*, *dürfen* na *sollen* zinapotumika na kitenzi kingine katika wakati huu wenye *haben*. Unahitaji kuitambua unaposoma. Unapoandika mwenyewe, una njia fupi ambayo Wajerumani wenyewe huipendelea: *Er sagt, dass er gestern nicht kommen konnte.* Maana ni ileile, na *konnte* iko nyumbani.