Kwa nini ombi la "chochote" halijibiwi na mwenye duka?

"Kila tukituma ujumbe wa kuomba udhamini kwa wenye maduka hapa Moshi, tunaishia kuona tiki mbili za bluu tu. Kwa nini hawajibu, na tuandikeje ili wasituone ombaomba?"

Wengi wao si wachoyo. Hawajibu kwa sababu ujumbe wenyewe hauwapi kitu cha kuamua. Hilo nililiona nikiwa nimekaa kaunta ya duka la rangi la shemeji yangu, karibu na soko la Mbuyuni, siku ulipoingia ujumbe wa timu ya vijana wa Pasua. Ulikuwa hivi:

"Habari za muda huu wadau wetu. Kwa heshima na taadhima tunaomba mtushike mkono vijana wenu. Hali ni ngumu, hatuna jezi, hatuna mipira wala viatu. Tunaomba chochote ulicho nacho, hata elfu moja si haba. Mungu akuongezee pale ulipopunguza. Tuma kwa namba hii."

Shemeji aliusoma hadi mwisho, akaweka simu chini, akaendelea kumhudumia mteja. Baadaye nilimuuliza mbona hajajibu. Akasema, "Sasa nijibu nini? Nikituma elfu mbili nitaonekana bahili, nikituma laki nitajuaje imefanya nini?"

Hapo ndipo lilipo tatizo la neno "chochote". Mwombaji anaona amempunguzia mtu mzigo, kumbe amemwachia kazi nzima: apange kiasi, akisie matumizi, na aogope aibu ya kutoa kidogo. Mtu mwenye wateja wanne mbele yake huahirisha hesabu ya namna hiyo, na kwenye simu kilichoahirishwa huzikwa na ujumbe mwingine kabla ya jioni. "Wadau wetu" nayo inamwambia kwamba watu hamsini wamepata maneno hayohayo, kwa hiyo akinyamaza hakuna atakayemkosa.

Halafu kuna ile namba. Nchi hii hakuna mwenye simu ambaye hajawahi kuletewa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe unaoanza na shida na kuishia na namba ya mtu binafsi, bila jina wala mahali, unafanana mno na wa matapeli hata kama aliyeutuma ni kijana mwaminifu kuliko wote Pasua.

Katibu wa timu ni jirani yetu, nikamwita nyumbani tuuandike upya. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, kwa hiyo nisiseme shida zetu?" Nikamwambia aseme moja tu, ile yenye bei. Wana mipira miwili iliyochakaa lakini inachezeka. Viatu kila mzazi anahangaika na vya mwanawe. Jezi ndizo zilizokuwa zinawakwamisha, maana bonanza la mtaa la wiki ya Krismasi haliruhusu timu kuingia na fulana za rangi tofauti. Akaenda kwa fundi wa kuchapa jezi akaandikiwa bei: 18,000 kwa jezi moja pamoja na chapa, jezi 16, jumla 288,000. Wachezaji na wazazi walikuwa wameshachanga 88,000. Ikabaki 200,000.

Tukaja kwenye swali la kumwandikia nani. Hili ndilo watu huliruka, nami naliona lina uzito kuliko maneno yenyewe. Nani hapa Moshi anawataka watu wanaosimama pembeni mwa uwanja mwishoni mwa Desemba? Wakati huo watu wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, na wengi kabla ya sikukuu wanapaka rangi nyumba za wazazi, wanabadilisha bati, wanatengeneza geti. Mwenye duka la rangi au la vifaa vya ujenzi ana sababu ya kibiashara ya kutaka jina lake lionekane. Duka la sare za shule lingefaa zaidi kwa mashindano ya kuelekea Januari. Kampuni za bia na za kubeti tuliziacha kabisa, maana ndani ya timu kuna watoto wa miaka 14, na kifua cha mtoto si mahali pa tangazo la pombe.

Tuliandika mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu fundi anahitaji muda, na kuanzia katikati ya Novemba mwenye duka la rangi hana nafasi hata ya kunywa chai. Ujumbe mpya ukawa huu:

"Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa timu ya vijana wa Pasua, vijana 22 wa miaka 14 hadi 19. Wiki ya Krismasi tutacheza bonanza la mtaa, na tunatafuta duka moja la kuweka jina lake kifuani kwenye jezi zetu 16. Gharama ni 288,000, sisi tumechanga 88,000, imebaki 200,000. Ukikubali, malipo yaende moja kwa moja kwa fundi, na risiti nitakuletea mkononi. Naomba nipite dukani Jumanne saa nne asubuhi, dakika kumi tu, nikuonyeshe mchoro wa jezi na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Kama mwaka huu haikai vizuri, niambie tu mzee, tutaelewa."

Ona 88,000 inavyofanya kazi. Inaonyesha kuwa timu ilianza kujisaidia kabla ya kubisha hodi. Kumlipa fundi moja kwa moja kunaondoa hofu ya namba. Sentensi ya mwisho inampa mlango wa kukataa bila kukosana na jirani, na mtu mwenye mlango huo hujibu upesi zaidi, hata kama jibu ni hapana. Dua na baraka hatukuzitupa. Tuliziweka kwenye shukrani, kwa sababu zikitangulia kwenye ombi zinamfanya anayekataa ajione kama anakataa baraka za Mungu.

Ujumbe ulikwenda kwa shemeji peke yake, si kwa maduka matano kwa mpigo. Kifua ni kimoja. Nimewahi kuona timu ikiahidi sehemu ileile kwa maduka mawili ya bidhaa moja, na mwaka uliofuata yote mawili yalikataa hata kuonana nao. Vilevile hatukuandika kwamba watakuja watu elfu. Mwenye duka anaishi hapahapa, atapita uwanjani mwenyewe na kuhesabu kwa macho.

Shemeji alijibu siku ileile: "Marahaba. Njoo na huo mchoro." Jumanne ilipofika akasema ana 120,000. Hapa vijana wengi hushukuru haraka na kuondoka, kisha wanahangaika na pengo. Katibu alikuwa amejiandaa. Akashukuru, akauliza kwa adabu kama kwa kiasi hicho jina la duka likae mgongoni, ili kifua wakipeleke kwa duka jingine. Shemeji aliuangalia ule mchoro kwa muda, akauliza duka jingine ni lipi, halafu akampigia fundi kukubaliana malipo ya 200,000 kwa awamu mbili.

Risiti zote mbili zilifika kaunta kabla ya mechi ya kwanza, pamoja na picha ya vijana wamevaa. Picha ile ameibandika juu ya kopo za rangi, na wateja wakiuliza ni timu gani, anawaelekeza uwanjani.