“Mpunguzie adui damu tu, mchezaji hatajua”

Wiki iliyopita kijana mwingine kaniletea gemu yake ya mapambano niijaribu. Bosi wa kwanza ni mlinzi wa lango mwenye mkuki. Kaniua mara nne. Mara ya tano nikampiga panga la tisa, akaanguka. Nikamgeukia mwenye gemu: “Umempunguzia damu, eh?” Akacheka kwa aibu. “Umejuaje, kaka?”

Nimejuaje! Raundi iliyotangulia nilimpiga mapanga kumi na moja na alikuwa bado amesimama. Nilikuwa nahesabu, kama anavyohesabu kila mtu aliyeuawa mara nne na adui yuleyule. Huyu ni mtengenezaji wa sita au wa saba mwaka huu kuniletea dawa hiyohiyo ya kumsaidia kisirisiri mchezaji anayekufa sana, na kila mmoja anaamini kaivumbua yeye. Kwa hiyo naandika mara moja, ili anayefuata nimtumie hii.

Dhana: msaada wa siri maana yake ni kumpunguzia adui damu, au kumpunguzia kasi

Nia yenyewe sina ugomvi nayo. Gemu kubwa zimefanya hivyo miaka mingi. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ina kipimo cha siri cha ugumu, cha ngazi 1 hadi 10. Ukifa kinashuka, maadui wanakuwa wapole zaidi na mapigo yao yanauma kidogo, na sehemu nyingine hata idadi yao inapungua. Watu wengi waliimaliza bila kushtuka. Sasa wenzangu wanasikia habari hiyo, wanachukua neno “kupunguza”, wanakimbilia namba ya kwanza wanayoiona kwenye jedwali la adui: damu.

Wanachosahau ni kwamba wanakijiji wa gemu ile wanakuja kundi zima, na juu ya vichwa vyao hakuna mstari wa damu. Nani atahesabu risasi ya mmoja mmoja? Bosi wako yuko peke yake uwanjani, na mstari wake wa damu umelala chini ya skrini kama ubao wa matokeo. Ukimtoa kwenye damu 600 hadi 450, na panga linatoa 50, mapigo kumi na mawili yamekuwa tisa. Hata asiyehesabu ataona mstari ukikatika vipande vinene kuliko jana. Aliyekufa mara nne ndiye anayemjua adui huyo kuliko wote, pengine kuliko wewe uliyemchora, na atatamka neno ambalo kila shabiki wa mpira wa kwetu analijua: nimebebwa. Ushindi wa kubebwa haumfurahishi hata aliyeupata.

Kumpunguzia kasi ni kubaya zaidi, maana hapo unamwadhibu mtu uliyetaka kumsaidia. Twende polepole. Mlinzi wetu anavuta mkuki nyuma kwa sekunde 0.6 kabla ya kuchoma. Mchezaji, kwa vifo vyake vinne, amejifunza kubonyeza kitufe cha kukwepa kwenye sekunde 0.5. Kukwepa kunamkinga kwa sekunde 0.3, yaani tangu 0.5 mpaka 0.8, na mkuki unapita katikati yake salama. Sasa wewe na huruma yako umeurefusha mvuto uwe sekunde 0.85. Mchezaji anabonyeza palepale alipozoea, kinga inaisha kwenye 0.8, na mkuki unafika 0.05 baadaye. Kifo cha tano, safari hii baada ya kufanya kila kitu sawasawa. Huyo atazima gemu, na hatakuandikia kukueleza kwa nini.

Kanuni yangu basi ni moja. Usiguse chochote ambacho mchezaji amekwisha kukipima kwa macho, masikio au vidole: damu ya adui, muda wa kuvuta pigo, umbali wa mkuki, mlio unaotangulia shambulio. Hayo ndiyo aliyoyalipia kwa vifo vyake. Gusa yale ambayo tangu mwanzo yalikuwa yanabadilikabadilika, ambayo hata raundi mbili za kawaida hayafanani.

La kwanza ni pumziko kati ya shambulio na shambulio. Mlinzi wa kawaida anatulia sekunde 1.2 hivi, akizunguka akitafuta upenyo, na hiyo “hivi” ndiyo maficho yako, kwa sababu hakuna mchezaji anayepiga hesabu ya adui anayezunguka. La pili ni uchaguzi wa mashambulio. Kama ana mchomo mmoja na ana mfululizo wa michomo mitatu, mwache na vyote viwili, ila mfululizo uchaguliwe mara chache. Pigo lenyewe likija, linakuja na muda uleule na maumivu yaleyale. La tatu, kama maadui ni kundi, ni tiketi za kushambulia: wanne wanamzunguka mchezaji, lakini wenye ruhusa ya kupiga kwa wakati mmoja ni wawili. Mchezaji akikwama, ruhusa inakuwa ya mmoja. Bado anaona wanne, bado moyo unamwenda mbio, ila sasa anapata nafasi ya kumaliza pigo alilolianza.

Kwa pumziko, msimbo wenyewe hauzidi mistari mitatu:

```
if amekwama:
    msaada = min(msaada + 1, 4)
pumziko = 1.2 + 0.15 * msaada
```

Hatua ya kwanza inatoa 1.35, ya mwisho inatoa 1.8. Hakuna hatua inayoruka zaidi ya sekunde 0.15, na hiyo ndiyo siri yote. Nimewaona watu wakiruka kutoka 1.2 hadi 2.0 mara moja, kisha wanashangaa wachezaji wanacheka adui anapokodoa macho kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Na kabla hujagusa hata hilo, angalia chekipointi yako iko wapi. Mchezaji akitembea dakika moja na nusu kurudi kwa bosi, nusu ya hasira yake ni ya ile njia. Isogeze mlangoni kwa bosi. Nimelisema hili kwa kila aliyekuja, na kila mmoja alitaka tuanze na hesabu kwanza.

Dhana: hesabu vifo, vikifika vitatu saidia

Hapo kwenye msimbo sikuandika “vifo”, niliandika `amekwama`. Ni vitu viwili tofauti. Kwa kila kifo, andika kwenye logi sehemu ya damu iliyombakia adui, 1 ikiwa ni damu yote. Hawa hapa wajaribu wawili wa mlinzi yuleyule, vifo vinne kila mmoja:

```
A: 0.82  0.61  0.40  0.22
B: 0.70  0.74  0.69  0.72
```

A amekufa mara nne na hahitaji kitu. Kila raundi anamla adui sehemu kubwa zaidi, na raundi ya tano au ya sita atamwangusha mwenyewe na kupiga kelele nyumba nzima. Ukimsaidia sasa umemwibia. B ndiye aliyekwama. Mimi huangalia vifo vitatu vya mwisho: kama hakuna hata kimoja kilichoishusha rekodi yake bora kwa angalau 0.1, hapo ndipo msaada unapanda hatua moja. Kwa B rekodi ilikuwa 0.70, na vitatu vilivyofuata vimeishia 0.69, kwa hiyo baada ya kifo cha nne anapata pumziko la 1.35. Vifo vya kuanguka shimoni njiani visihesabiwe kabisa. Mlinzi anahusika vipi na shimo?

Dhana: lazima ufiche, la sivyo mchezaji atajisikia mdogo

Inategemea nani anaamua. God of War ya 2005 ukifa mara kadhaa inakuuliza kama unataka kushuka kwenye ugumu mwepesi. Unaulizwa ukiwa bado na hasira, na wengi waliliona swali lile kama tusi. Hades imefanya kinyume chake: kwenye mipangilio kuna `God Mode` unayoiwasha mwenyewe, inakukinga asilimia 20 ya maumivu, na kila ukifa inaongeza asilimia 2 mpaka ifike 80. Yote yako wazi, namba unaziona, na hakuna anayesema kabebwa, kwa kuwa ni yeye aliyeomba. Njia ya tatu ni ya Crash Bandicoot ya 1996. Anayekufa sana alikuwa akipewa kinyago cha Aku Aku, na kinyago hicho tayari kilikuwa kitu cha kawaida ndani ya gemu, kinaokotwa kwenye masanduku. Ukikipewa huna sababu ya kuuliza kimetoka wapi.

Msaada wa siri una mwisho wake pia. Mtu asiyeuona kabisa mkuki unapovutwa hatashinda hata ukimpa pumziko la 1.8, na ukiendelea kumlegezea utafika mahali adui amesimama kama sanamu. Ngazi nne zikiisha, acha siri, mwoneshe kwamba kwenye mipangilio kuna njia nyepesi.

Dhana: wajanja watakufa makusudi ili walegezewe

Wafe. Wanapoteza dakika kumi kupata sekunde 0.6. Tuendelee.

Dhana: akishinda, rudisha ugumu palepale

Kijana wangu wa mlinzi wa lango alikuwa amefanya na hili. Mjaribu wake mmoja alimwangusha mlinzi akiwa kwenye `msaada` wa 3, akaingia ua wa pili, msaada ukawa 0, na mlinzi wa kawaida, tena mdogo kuliko bosi, akammaliza kwa sekunde ishirini. “Huyu kapewa nini?” alisema, akaweka pedi chini. Katika muda wa kufungua mlango mmoja, pumziko lilikuwa limetoka 1.65 hadi 1.2, na mkono wake uliuhisi mruko huo hata kama hakuweza kuutaja. Sasa tumeweka msaada ushuke hatua moja kwa kila pambano analoshinda bila kufa, kwa hiyo ua wa pili unaanza na 1.5, wa tatu na 1.35, na ni kwenye ua wa nne tu ndipo anapokutana na walinzi wa 1.2. Nimemwambia pia airudishe damu ya bosi iwe 600. Alinuna kidogo, lakini ameirudisha.