Jehanamu: mtu hukaa humo kwa muda gani?

Mkristo husoma jehanum katika Biblia yake, Mwislamu husema Jahannamu, na wote wawili wanataja, pengine bila kujua, mahali ambapo mtu anaweza kupakanyaga kwa miguu yake. Asili ya neno ni Ge-Hinomu, yaani bonde la Hinomu, lililo kusini mwa Mji Mkongwe wa Yerusalemu. Ndani ya bonde hilo palikuwapo mahali paitwapo Tofethi. Yeremia, katika sura ya 7, anawalaumu watu wa Yuda kwa kuwachoma watoto wao hapo kwa moto, na anasema bonde litakuja kuitwa Bonde la Machinjo. Mfalme Yosia alipanajisi ili asipatikane tena mtu wa kumpitisha mwanawe motoni.

Katika mahubiri mengi nimesikia kwamba zama za Yesu bonde hilo lilikuwa jalala la mji, takataka zikiungua usiku na mchana. Kila nikisikia hivyo huomba niitafute asili yake pamoja na msemaji. Tunaloweza kulionyesha ni maelezo ya Rabi Daudi Kimhi, aliyeandika kama mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Hakuna maandishi ya zama za Yesu yanayosema hivyo. Kilicholipa bonde sura ya kutisha ni damu ya watoto, na kumbukumbu hiyo inatosha.

Mambo mengi ya Siku ya Kiyama Uyahudi, Ukristo na Uislamu huyasema kwa sauti zinazokaribiana. Wafu watafufuliwa, vitabu vya matendo vitafunguliwa, wema watapata makao ya raha na waovu moto. Tofauti inayonishughulisha darasani kuliko zote ni nyingine: aliyeingia motoni, je, hutoka? Ili tusizungumze hewani, tumchukue mtu mmoja. Ni mwenye imani, anasali, hajawahi kumkana Mungu. Lakini alikabidhiwa mali ya yatima wa nduguye akaila, na amekufa bila kutubu wala kuirudisha.

Tuanze na Wayahudi. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria ya Kiyahudi uliokusanywa kama mwaka 200, inataja hukumu ya waovu katika Gehinomu kuwa ni miezi 12, kwa kauli ya Rabi Akiva. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inaongeza mjadala. Wanafunzi wa mwalimu Shamai walisema watu wa katikati, ambao si wema kamili wala si waovu kamili, watashuka Gehinomu, walie, kisha wapande. Wanafunzi wa mwalimu Hileli walisema Mungu ni mwingi wa rehema, naye huielemeza mizani upande wa rehema. Wapo wanaobaki humo vizazi na vizazi, kama wasaliti wa watu wao na wanaokana ufufuo, lakini hao ni wachache waliotajwa kwa makosa yao. Huyu wetu, kwa wingi wa marabi, ataadhibiwa na adhabu itakoma.

Hesabu hiyo ya miezi 12 imeingia hadi kwenye matanga. Mtoto aliyefiwa na mzazi husimama sinagogi na kusoma Kadishi, sala inayoanza kwa kuomba jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe, na ambayo haitaji kifo hata mara moja. Inaaminika humsaidia marehemu. Basi ingefaa aisome miezi 12 yote. Lakini Rabi Musa Iserles wa Krakow, katika karne ya 16, aliandika desturi ya kuishia mwezi wa 11. Sababu yake inanigusa kila ninapoifundisha: mtoto akisoma mwaka mzima, ni kama anatangaza kwamba mzazi wake alikuwa miongoni mwa waovu waliostahili kipimo kizima.

Wakristo hawana kauli moja. Mathayo 25 inawapeleka wengine kwenye adhabu ya milele na wengine kwenye uzima wa milele. Augustino, askofu wa Hipo, alisema neno ni lilelile pande zote mbili, hivyo anayeifupisha adhabu anaufupisha na uzima. Hoja hiyo imetawala Kanisa la Magharibi tangu hapo. Lakini Wakatoliki wana toharani, ambako roho iliyokufa katika neema husafishwa kabla ya kumwona Mungu. Wengi wanakosea hapa kwa kuiona kama jehanamu ya muda. Hakuna anayevuka kutoka jehanamu kwenda toharani, na kila aliye toharani ameshaokoka. Misa inayosomwa kwa ajili ya marehemu inamfaa aliye huko, basi. Waprotestanti waliikataa toharani yote, na Wasabato wanafundisha kwamba wafu wamelala, na waovu mwishoni watateketea wasiwepo tena. Kwa hiyo kwa Mkatoliki, dhambi ya huyu wetu ikiwa nzito na hakuijutia hata dakika ya mwisho, toharani haimhusu.

Kwa upande wa Uislamu, ninawataka wanafunzi wafungue Sura ya Al-Baqara, aya ya 80 na 81. Aya ya kwanza inanukuu watu wanaosema moto hautawagusa ila siku za kuhesabika, na wafasiri wanawataja kuwa ni Mayahudi. Wanaulizwa: mmechukua ahadi kwa Mwenyezi Mungu? Aya inayofuata inasema aliyechuma ubaya, na makosa yake yakamzunguka, huyo ni mtu wa motoni na atadumu humo.

Waislamu wenyewe wametofautiana hapo hapo. Sunni wanasema ubaya unaomzunguka mtu ni ushirikina. Mwislamu mwenye dhambi kubwa yuko katika matakwa ya Mungu: akitaka atamsamehe, akitaka atamwadhibu, kisha atamtoa. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasimulia kutolewa kwa mwenye imani ya uzito wa chembe ya haradali, watu wakiwa wameungua, wakatiwa katika mto wa uhai, wakachipua kama mbegu kando ya maji ya mafuriko.

Waibadhi, madhehebu ya Oman na ya masultani waliotawala Unguja, wanaisoma aya kama ilivyo. Ubaya ni ubaya, na anayekufa ameung'ang'ania hatoki. Sheikh Ahmad al-Khalili, aliyeteuliwa kuwa Mufti wa Oman na ambaye alizaliwa Unguja, ameitetea rai hii kwa urefu katika kitabu chake *al-Haqq al-Damigh*. Wala hawamwiti mtu huyo mshirikina. Wanamwita mwenye kufuru ya neema, akifa anazikwa makaburi ya Waislamu na warithi wake wanarithi. Msikiti mmoja unaweza kuwa na Msunni na Muibadhi safu moja, wakimsalia jeneza huyuhuyu wetu, na wakatofautiana juu ya mwisho wake.

Shufaa, yaani kuombewa kwa Mungu Siku ya Kiyama, nayo wanaisoma mbalimbali. Kwa Sunni, Mtume atawaombea hata wenye madhambi makubwa wa umma wake. Kwa Waibadhi, shufaa ni ya waliotubu, huwapandisha daraja Peponi.

Na yule yatima? Mishna inasema Siku ya Upatanisho haifuti dhambi ya mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe. Muslim amepokea hadithi ya muflisi, anayefika Kiyama na sala na saumu, lakini alikula mali ya huyu na kumpiga yule. Aliowadhulumu wanapewa thawabu zake, na zikimalizika kabla ya deni, anabebeshwa madhambi yao. Katika Mathayo 5, anayeleta sadaka madhabahuni anaambiwa aiache hapo, aende kwanza kupatana na ndugu yake.